Volti Zinazopotelea Njiani

Kibanda cha kinyozi kiko mbele ya nyumba, mita 20 kutoka chumba chenye betri ya sola. Ndani yake mna mashine ya kunyolea, taa, televisheni ndogo ya volti 12 na ubao wa kuchajia simu. Vyote vikiwaka kwa pamoja vinakula wati 60 hivi. Fundi alivuta waya wa 1.5, uleule aliotumia kwenye taa za ndani ya nyumba, akafunga swichi, akalipwa, akaenda zake. Mchana jua likiwaka, mambo yanakwenda. Jua likizama, taa inafifia, mashine inang'ata nywele badala ya kuzikata, televisheni inazima na kuwaka yenyewe. Mwenye kibanda anaambiwa betri imechoka. Ananunua nyingine, na baada ya siku mbili tatu anaona hali ni ileile.

Mpangilio wa namna hii umezagaa kila mahali ambako umeme wa gridi haujafika, au umefika na wenyewe hawautegemei. Na kosa lake huwa lilelile. Betri ni nzima, paneli ni nzima, vifaa ni vizima. Umeme unaliwa na waya. Na kiasi kinacholiwa hakihitaji kubahatishwa, kwa kuwa kinajulikana kwa hesabu ambayo mwanafunzi wa darasa la saba anaimudu.

Kila waya hukinza umeme unaopita ndani yake. Kipimo cha ukinzani huo ni omu, jina linalotokana na Georg Ohm, Mjerumani aliyekuwa mwalimu wa shule mjini Köln. Mwaka 1826 alifunga nyaya za urefu tofauti, mmoja baada ya mwingine, na kupima mkondo uliopita. Betri za zama zake hazikuwa na nguvu tulivu, kwa hiyo alitumia kiungo cha metali mbili, bismuthi na shaba, upande mmoja ukiwa kwenye maji yanayochemka na mwingine kwenye barafu. Mwaka uliofuata alichapisha kitabu chake. Kanuni yake ndiyo tunayoitumia mpaka leo: volti zinazopotea kwenye waya ni mkondo mara ukinzani wa waya huo.

Ukinzani wa waya unategemea mambo matatu ambayo mnunuzi anayaona kwa macho, na jambo la nne ambalo halionekani. La kwanza ni urefu: waya ukiwa mrefu mara mbili, ukinzani nao unakuwa mara mbili. La pili ni unene, maana yake eneo la uso wa waya ukikatwa: eneo likiwa mara mbili, ukinzani unashuka hadi nusu. La tatu ni metali yenyewe. Kila metali ina ukinzani wake mahususi, na njia rahisi ya kuueleza ni kuchukua waya wa urefu wa mita 1 wenye unene wa milimita 1 ya mraba, kisha kupima. Wa shaba utatoa omu 0.0172. Wa alumini utatoa takriban 0.028. Wa nikromu, ile metali ya koili za majiko ya umeme, utatoa kama 1.1, yaani zaidi ya mara 60 ya shaba. Jambo la nne ni joto, nitalifikia.

Sasa turudi kwa kinyozi. Waya wa 1.5 maana yake ni waya wenye eneo la milimita 1.5 za mraba, si kipenyo cha milimita 1.5. Umbali ni mita 20, lakini umeme unakwenda na kurudi, kwa hiyo urefu wa kuhesabu ni mita 40. Hapa ndipo wengi wanapoteleza, kwa kusahau waya wa kurudi. Hesabu ni hii:

R = 0.0172 × 40 ÷ 1.5 = 0.46

Ukinzani wa njia nzima ni chini ya nusu omu. Inaonekana ni kitu kidogo sana, na kwenye umeme wa volti 230 kweli ni kidogo. Lakini wati 60 kwa volti 12 zinahitaji ampea 5. Zidisha 5 kwa 0.46, unapata volti 2.3. Betri ikiwa na volti 12.4 jioni, kibanda kinapokea kama 10.1. Hiyo ndiyo sababu televisheni inazima: vifaa vingi vya volti 12 havivumilii kushuka hivyo. Waya wenyewe unageuza wati 11 na nusu kuwa joto, karibu moja ya tano ya umeme wote uliotoka kwenye betri.

Linganisha na nyumba yenye umeme wa gridi. Wati 60 zilezile kwa volti 230 zinahitaji ampea 0.26 tu, na waya uleule ungepoteza volti 0.12, kiasi ambacho hakuna kifaa kingekihisi. Fundi aliyejifunza kazi kwenye nyumba za gridi anabeba mazoea ya waya wa 1.5 kwa taa na wa 2.5 kwa soketi, na huko mazoea hayo ni sahihi kabisa. Akihamia kwenye sola ya volti 12 bila kupiga hesabu upya, anamtia mteja hasara. Volti zikiwa chache, mkondo unakuwa mkubwa, na mkondo ndio unaozaa upotevu.

Waya gani basi ungefaa? Mafundi makini wa sola hujipa kikomo: volti zinazopotea njiani zisizidi asilimia 3 hadi 5. Tuchukue 5. Kwa volti 12 hiyo ni volti 0.6, na kwa ampea 5 ukinzani wa njia nzima usizidi omu 0.12. Geuza hesabu ile kichwa chini: 0.0172 mara 40, gawanya kwa 0.12, unapata milimita za mraba 5.7. Dukani utachukua waya wa 6. Ukitumia wa 2.5 bado utapoteza volti 1.4 hivi, na wa 4 utapoteza 0.86. Waya wa 6 una bei, najua. Ila kuna njia nyingine ambayo watu hawaifikirii: kuhamisha betri. Betri ikikaa mita 5 kutoka kibandani badala ya 20, waya wa 1.5 unatoa upotevu uleule wa waya wa 6 kwenye umbali wa kwanza, kwa sababu urefu umepungua mara nne kama vile unene ulivyopungua mara nne. Wakati mwingine dawa ya bei nafuu kuliko zote ni kusogeza kiti cha betri.

Sasa lile la metali na vipimo vya kweli, maana hapa kuna udanganyifu. Madukani zipo nyaya za alumini zilizopakwa shaba nyembamba juu. Kwa nje zinang'aa rangi ya shaba, zimeandikwa 1.5, na bei yake inavutia. Ukinzani wake mahususi uko karibu na 0.027. Tena mara nyingi hata unene si ule ulioandikwa. Waya halali wa 1.5, ukiwa wa uzi mmoja, una kipenyo cha milimita 1.38. Ukikuta wenye milimita 1.2, usiseme umepungua kidogo tu. Eneo hufuata kipenyo mara kipenyo, kwa hiyo umebaki na milimita za mraba 1.13, robo nzima imekatwa. Waya wa namna hiyo, alumini ndani na mwembamba juu yake, kwa mita 40 zile una omu 0.96. Kwa ampea 5 ungepoteza volti karibu 4.8. Huo si waya tena, ni hita ndefu.

Kuutambua si kazi ngumu. Kwaruza uzi kwa wembe: shaba ni nyekundu mpaka ndani, alumini iliyopakwa inatoa weupe. Usichanganye na shaba iliyopakwa bati, ambayo ni kinyume chake, nyeupe nje na nyekundu ndani, na hiyo ni nzuri. Pili, nyanyua bunda. Shaba ni nzito zaidi ya mara mbili ya waya ule wa alumini: mita 100 za shaba ya 2.5 zina kilo 2.2 za shaba peke yake, kabla ya kuhesabu ganda la plastiki. Tatu, na hii ndiyo ninayoipenda kuliko zote, beba multimita dukani. Bunda la mita 100 lina ncha mbili zinazofikika. Gusanisha kwanza ncha za multimita zenyewe uone inasoma nini, pengine 0.2 au 0.3, uitoe kwenye jibu. Kisha pima bunda toka ncha hadi ncha. Kiwango cha kimataifa cha IEC 60228 kinataka waya wa shaba wa 1.5 usizidi omu 12.1 kwa kilomita kwenye nyuzi 20, yaani omu 1.21 kwa bunda la mita 100. Waya wa 2.5 usizidi 7.41 kwa kilomita, au 0.74 kwa bunda. Multimita ya bei ndogo haina usahihi wa kutofautisha 1.2 na 1.3, lakini ikikuonyesha 2 kwenye bunda lililoandikwa 1.5, rudisha bunda rafuni. Muuzaji mwaminifu hawezi kukukataza kupima.

Nimetaja nyuzi 20, na hapa joto linaingia. Vipimo vyote vya majedwali vinasemwa kwa nyuzi 20 za Selsiasi, hali ya hewa ambayo dari ya mabati ya Dodoma au Mombasa saa nane mchana haiijui. Atomi za shaba hutikisika zaidi zikipata joto, na elektroni zinazobeba mkondo hugongana nazo mara nyingi zaidi. Matokeo yake ni kwamba ukinzani wa shaba hupanda kwa asilimia 0.39 kwa kila nyuzi moja. Waya unaopita chini ya bati, ukifika nyuzi 60, umepanda nyuzi 40 juu ya jedwali, na ukinzani wake umeongezeka kwa asilimia 16 hivi. Omu 0.46 za waya wa kwanza zinakuwa 0.53. Volti 2.3 zinakuwa 2.65. Hata waya wa 6 tuliouchagua unavuka kidogo kikomo chetu cha volti 0.6, unafika 0.66. Kwa hiyo anayepitisha waya darini asichague ule unaotosha kwa kubana. Na ganda la kawaida la plastiki ya PVC limetengenezwa kuvumilia nyuzi 70 za kondakta. Dari ikishachukua 50, waya umebakiwa na nyuzi 20 tu za kupandishwa na mkondo wake wenyewe.

Joto na ukinzani vinaweza kukamatana vibaya mahali pamoja: kwenye maungio. Nyaya mbili zilizosokotwa kwa mkono na kufungwa utepe zinagusana kwenye vidoto vichache. Ukinzani wa pale unaweza kuwa mkubwa kuliko wa mita nyingi za waya. Mkondo unapapasha moto, moto unaleta kutu, kutu inaongeza ukinzani, ukinzani unaongeza moto. Ganda linalobadilika rangi kwenye ungio peke yake, huku waya pande zote mbili ukiwa mzima, linakwambia kosa liko hapo na si kwenye unene wa waya.

Si kila metali inabadilika kwa joto kama shaba. Nikromu, mchanganyiko wa nikeli na kromiamu ambao Mmarekani Albert Marsh aliupatia hataza mwaka 1906, hubadilika kidogo sana. Koili ya jiko ikiwa baridi au ikiwa nyekundu, ukinzani wake unakaribiana. Ndiyo sababu jiko la wati 1,000 halivuti mkondo wa kutisha linapowashwa. Balbu ya zamani ya uzi wa tungsteni ni tofauti kabisa: ya wati 60 kwa volti 230 ina omu 880 ikiwa imewaka, na chini ya moja ya kumi ya hizo ikiwa baridi. Kwa kitambo kifupi sana cha kuwashwa inameza mkondo mara kumi au zaidi, na kwa sababu hiyo balbu hizo zilikuwa zikikatika hasa mtu anapobonyeza swichi.

Kwenye koili ya jiko kuna desturi moja inayofaa kusemwa, kwa kuwa inaunganisha urefu wa waya na moto wake. Koili inakatika, fundi anakata sehemu iliyoungua, ananyoosha kidogo na kuunganisha. Jiko linawaka tena, na mwenye nyumba anafurahi kuona limekuwa kali kuliko mwanzo. Ni kali kweli. Koili ya wati 1,000 kwa volti 230 ina omu 53. Ikipungua asilimia 10 ya urefu inakuwa omu 47.6, na wati zinapanda hadi 1,110. Lakini wati hizo nyingi zaidi zinatolewa na waya mfupi zaidi. Kila sentimita sasa inabeba moto zaidi kwa asilimia 23 kuliko ilivyokusudiwa, na itakatika mapema kuliko ilivyokatika mara ya kwanza. Akikata tena, inazidi. Koili mpya yenye urefu kamili ndiyo matengenezo.

Turudi kwa kinyozi mara nyingine, maana kisa chake kina sehemu ya pili ambayo huwashangaza hata mafundi wazoefu. Tuseme ushauri umefuatwa. Waya wa 1.5 umetolewa, wa 6 umewekwa. Televisheni haizimi tena, mashine inakata. Wiki haijaisha, taa inaungua.

Taa yenyewe ni ya kutengenezwa na fundi wa mtaani, na ubunifu wake ni mzuri: LED tatu za wati 1 zimefungwa kwa kufuatana, pamoja na rezista ya omu 15 ya kuzuia mkondo usizidi. LED hizo zinahitaji takriban volti 3.2 kila moja, jumla 9.6, na mkondo usiozidi ampea 0.35. Rezista ni ya lazima. LED haina ukinzani wa kutulia kama waya, na tena ikipata joto volti inazohitaji hushuka, ikavuta mkondo zaidi, ikapata joto zaidi. Rezista ndiyo inayovunja mzunguko huo. Kazi yake ni kubeba volti zilizobaki na kuzigeuza kuwa joto, kwa hiyo swali la kuuliza si omu tu. Ni je, itaweza kulitoa joto hilo bila kuungua?

Wati za rezista zinapatikana kwa kuchukua volti zilizo juu yake, kuzizidisha kwa zenyewe, na kugawanya kwa omu. Zamani, waya mwembamba ukiwa bado upo na vifaa vyote vimewashwa, betri ikichajiwa mchana kwa volti 14.4, kibandani zilifika kama 12.1. Ukitoa 9.6 za LED, rezista ilibakiwa na 2.5:

P = 2.5 × 2.5 ÷ 15 = 0.42

Fundi alikuwa ameweka rezista ya wati 1. Ilikuwa inabeba chini ya nusu ya uwezo wake, ikaishi. Sasa waya mnene umekuja, na mchana ambapo vifaa vingine havijawashwa, zile volti 14.4 zinafika karibu zote. Rezista inabakiwa na 4.8:

P = 4.8 × 4.8 ÷ 15 = 1.54

Volti juu ya rezista hazikufika hata mara mbili, lakini joto limekuwa karibu mara nne. Rezista ya wati 1 inabeba moja na nusu kila mchana. Vifaa vyote vikiwaka, waya mbovu ulikuwa ukiilinda taa bila mtu kujua, na siku ulipoondolewa, kosa la taa likajitokeza. Waya wa 6 haukuharibu kitu.

Basi ni rezista gani? Wati zinazoandikwa kwenye rezista hazimaanishi kwamba itakuwa ya vuguvugu ikifika hapo. Zinamaanisha kiasi cha joto inachoweza kutoa bila kuharibika, hewa inayoizunguka ikiwa haizidi nyuzi fulani. Kwa rezista nyingi ndogo za kaboni nyuzi hizo ni 70. Hewa ikizidi hapo, uwezo unashuka kwa mstari ulionyooka hadi unaisha kabisa kwenye nyuzi 155. Kasha la taa lililofungwa kwa plastiki, lenye LED tatu zinazotoa joto lao na liko chini ya bati, linaweza kufika nyuzi 90 kwa urahisi. Kwenye hewa hiyo umebaki na robo tatu ya uwezo. Rezista ya wati 2, ambayo kwa kuitazama inatosha kubeba 1.54, sasa ina uwezo wa 1.5. Imefika ukingoni.

Kanuni ya benchi ni kupiga hesabu kwa hali mbaya kuliko zote, yaani volti za juu kabisa ambazo chaji inaweza kufika na si zile 12 zilizoandikwa kwenye betri, kisha kuzidisha wati kwa mbili, kisha kwenda kwenye saizi inayofuata dukani. Saizi ni robo wati, nusu, 1, 2, 3, 5, 10. Mara mbili ya 1.54 ni 3.08. Kama taa iko wazi, ya wati 3 itafanya kazi vizuri, kwani imepungukiwa na kitu kisichohesabika. Kama imefungiwa ndani ya kasha, weka ile nyeupe ya sementi ya wati 5.

Kuna hofu moja niliyoisikia mara nyingi, kwamba rezista ya wati 5 itavuta umeme mwingi kuliko ya wati 1. Haivuti. Omu 15 ni omu 15, mkondo ni uleule, joto ni lileile la wati 1.54. Tofauti ni kwamba joto hilo linatoka kwenye mwili mkubwa wenye uso mpana, kwa hiyo mwili wenyewe unabaki na nyuzi chache zaidi. Rezista ya robo wati ina urefu wa milimita 6 hivi; haina pa kulitoa joto. Kuongeza wati hakuna hasara zaidi ya nafasi na shilingi chache. Kubadilisha omu ndiko kunakobadilisha mkondo.

Na kama mji hauna rezista kubwa? Chukua nne za omu 15 za wati 1. Funga mbili kwa kufuatana upate omu 30, na nyingine mbili vivyo hivyo, kisha unganisha jozi hizo mbili ubavu kwa ubavu. Umerudi kwenye omu 15, lakini joto limegawanywa sawa kwa wanne, kila moja ikibeba chini ya wati 0.4. Zitenganishe kidogo ili zisipashane moto, na zisilale juu ya ubao. Rezista inayopata joto huachiwa miguu mirefu kidogo, milimita 5 au zaidi juu ya ubao, hewa ipite chini yake.

Rezista iliyozidiwa hutoa dalili mapema. Ubao chini yake unageuka kahawia. Mistari ya rangi inafifia, nyekundu ikawa kahawia, na anayekuja kuisoma anasoma thamani isiyokuwapo. Ya kaboni iliyopikwa kwa muda mrefu hubadilika omu zake kabla haijakatika. Ukitaka kuipima, nyanyua mguu mmoja kutoka kwenye ubao. Ukiipima ikiwa imefungwa, multimita inapima na vitu vingine vilivyounganishwa nayo.

Wati si kikomo pekee. Rezista ya robo wati ya kawaida haitakiwi kuwekewa zaidi ya volti 250 hivi kati ya ncha zake, hata kama joto lake ni dogo. Omu laki nne na sabini kwenye umeme wa gridi hutoa kama wati 0.11 tu, lakini kilele cha volti 230 ni 325. Ndiyo maana ndani ya chaja na pawa saplai nzuri utakuta rezista mbili zimefuatana mahali ambapo moja ingeonekana kutosha. Usiondoe moja ukaweka moja kubwa ya omu zilezile kwa kudhani mtengenezaji alifuja.

Kabla ya kununua betri mpya, washa kila kifaa kibandani, pima volti kwenye vichwa vya betri, kisha pima kibandani wakati huohuo vikiwa vinawaka. Vikizimwa vyote, mkondo haupiti, na ncha zote mbili zitaonyesha volti zilezile hata kama waya ni mbovu kiasi gani. Tofauti ikizidi volti 0.6, fedha ya betri ipeleke kwenye waya. Na kwenye taa au chaja yoyote inayochomekwa kwenye gridi, rezista ndogo iliyo mwanzo kabisa mwa njia ya umeme mara nyingi imetengenezwa ikatike yenyewe kwa usalama, kama fyuzi. Ikikatika, tafuta kwanza kilichoikata, kisha rudisha ya aina ileile, yenye omu zilezile na wati zilezile. Hapo ndipo mahali pekee ambapo kuongeza wati ni hatari, kwa sababu rezista kubwa ya kawaida itaendelea kubeba moto mpaka ubao uwake.